Sentensi ya Kwanza ni ya Madame

Wengi wenu mko kwenye baridi huko Ulaya na Amerika, sisi huku tunaongea habari za joto. Naishi Fereej Bin Mahmoud, mtaa wa katikati ya jiji la Doha wenye stesheni yake ya metro kwenye Laini ya Dhahabu iliyofunguliwa Novemba 2019, vituo viwili tu kufika Souq Waqif. Nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa mitambo, na siku tatu kwa wiki nafanya kazi kwenye kampuni ya ujenzi ambayo makao yake makuu yako Paris. Nilizaliwa Kigoma lakini shule nilisomea Bujumbura, kwa hiyo Kifaransa ninacho. Basi ofisini nikapewa kazi ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha: kuchukua mlolongo mrefu wa barua pepe za Kiingereza na kuufanya meseji moja fupi ya Kifaransa kwa bosi wa Paris.

Najua kati yenu wapo Wakongo, Warundi na wengine mnaofanya mazoezi ya kazi kwenye makampuni ya Wafaransa. Kazi hii itawafikia tu. Kwa hiyo nitaeleza mfano mmoja, wa Aprili 2025, tangu mwanzo hadi mwisho.

Hali ilikuwa hivi. Tulikuwa na jengo ambalo juu ya paa lake zinafungwa chila nne, yaani mitambo ya kupoza maji yanayozunguka ndani ya jengo na kuleta ubaridi. Kila chila ina koili zenye vibati vyembamba vya alumini, na hapo ndipo joto linapotolewa nje. Doha iko kando ya bahari, na chumvi ya hewani ikichanganyika na vumbi la jangwani inakula ile alumini pole pole. Ndiyo maana mkataba ulidai koili zote zipakwe dawa ya kuzuia kutu kiwandani. Chila mbili zilikuja hivyo. Mbili zilikuja bila kupakwa.

Kuanzia tarehe 9 Aprili hadi Jumatatu tarehe 28 zikaandikwa barua pepe 47. Watu kumi na moja, Wahindi, Wamisri, Wafilipino, Mlebanoni mmoja, kila mmoja na Kiingereza chake. Jumatatu jioni meneja wa mradi akaniambia, "Injinia, mwandikie Madame kwa ufupi, hana muda." Madame ni mkurugenzi wa Paris ambaye bila sahihi yake matumizi yoyote ya zaidi ya riali 100,000 hayatoki.

Sasa, kosa ambalo watu wengi hulifanya hapa ni kuanza kufupisha kuanzia barua ya kwanza. Unaandika kwamba tarehe 9 mizigo ilifika, tarehe 10 ikakaguliwa, tarehe 13 muuzaji akajibu, na kuendelea. Hiyo ni historia, na Madame hakuomba historia. Swali la kujiuliza kabla ya kuandika neno lolote ni hili: katika haya yote, ni jambo gani ambalo mtu huyu peke yake anaweza kuliamua? Kama dawa ni ya aina gani, wataamua mafundi. Kama nani alaumiwe, wataamua wanasheria. Kilichobaki kwa Madame kilikuwa kimoja tu: atoe au asitoe riali 184,500 ili koili zipakwe hapo hapo juu ya paa, badala ya kungoja koili mpya kutoka kiwandani. Ajabu ni kwamba katika barua zote 47 hakuna hata moja iliyouliza swali hilo waziwazi. Nyingi zilimalizika kwa "tunaomba ushauri wenu", na ombi la namna hiyo halina mtu anayelazimika kulijibu.

Ukishalipata swali, ndipo unarudi kwenye barua kutafuta yale tu yanayohitajika kulijibu. Mimi nachora jedwali kwenye karatasi: jambo, nani alisema, lini, na je limeandikwa au limesemwa tu? Nasoma kutoka barua ya mwisho kurudi nyuma, kwa sababu neno la juzi mara nyingi limefutwa na neno la jana. Muda wa kupaka, kwa mfano, ulikuwa siku 20 kwenye barua ya nane, ukawa 15, ukaishia siku 12 za kazi. Anayesoma kutoka mwanzo hung'ang'ania ile 20.

Lakini kusoma kutoka mwisho peke yake hakutoshi, na sababu ni namna barua pepe zinavyofanya kazi. Mtu mmoja akiijibu barua ya zamani badala ya ile ya mwisho, mlolongo unagawanyika matawi mawili, na walio tawi hili hawaoni ya tawi lile. Tena ukijibu barua, viambatisho vyake kwa kawaida haviendi pamoja na jibu. Kwenye mlolongo wetu, kotesheni ya wapakaji ilikuwa kiambatisho cha barua ya 23. Kuanzia barua ya 24 watu wote walitaja bei, lakini kiambatisho chenyewe kilikuwa kimebaki nyuma. Nikakifungua. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba bei hiyo inaisha tarehe 30 Aprili. Ilikuwa imebaki siku mbili, na hakuna aliyeitaja tarehe hiyo hata mara moja.

Angalieni kalenda ya mwaka ule mtaona uzito wake. Tarehe 30 Aprili 2025 ilikuwa Jumatano. Alhamisi ni Mei Mosi, Ufaransa hawafanyi kazi, na Ijumaa inayofuata wengi wao huiunganisha na sikukuu wakapumzika. Huku Qatar wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili tunaingia kazini wakati Paris wamelala. Yaani Jumatano ikipita, siku ya kwanza ambayo ofisi zote mbili zingekuwa wazi ni Jumatatu tarehe 5 Mei, na kotesheni imeshakufa.

Na nyuma ya kotesheni kuna jambo zito zaidi. Koili mpya kutoka kiwandani zilihitaji wiki kumi, ambazo zingetufikisha Julai. Qatar, kwa uamuzi wa waziri namba 17 wa mwaka 2021, kazi za nje zinakatazwa kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kwa ajili ya joto. Kazi ya paa ingebaki ya alfajiri na jioni. Mmoja wa wafunga mabomba wa paa lile ni kaka mmoja wa Kisumu ambaye tunapanga naye hapa Bin Mahmoud. Nilimwambia kidogo kuhusu jambo hili, akasema, "Wewe ndugu yangu andika vizuri hiyo barua. Julai huko juu hata spana huishiki bila glavu." Hilo sikuliweka kwenye meseji, lakini nililijua nilipokuwa naandika.

Meseji yenyewe hii hapa:

```
Objet : DÉCISION avant mer. 30/04, 12 h (Paris) – groupes froids

Bonjour Madame,

Nous avons besoin de votre accord pour faire traiter sur site
les batteries de deux groupes froids, livrées sans revêtement
anticorrosion : 184 500 QAR, 12 jours ouvrés.
L'offre expire mercredi 30 avril.

Pourquoi : l'autre solution, des batteries neuves d'usine,
demande un délai de 10 semaines, donc des travaux en toiture
en juillet (interdits de 10 h à 15 h 30).

Contre : appliqué au pistolet, le produit pénètre moins bien
entre les ailettes. Garantie corrosion : 2 ans au lieu de 5.

Confirmé : accord écrit du maître d'œuvre (24/04).
Non confirmé : le fournisseur prendrait à sa charge la moitié
du coût (oral).

Un OUI ou un NON suffit. Sans réponse, nous ne commandons rien.

Bien cordialement,
```

Kwa wasiojua Kifaransa, maana yake ni hii. Tunahitaji kibali chako ili koili za chila mbili zilizokuja bila dawa zipakwe hapa hapa, kwa gharama hii na siku hizi, na bei inaisha Jumatano. Sababu: njia nyingine ni wiki kumi na inaangukia Julai. Ubaya: dawa ya kupuliza haiingii vizuri kati ya vibati, na dhamana ya kutu inashuka kutoka miaka 5 hadi 2. Mshauri wa mradi amekubali kwa maandishi. Muuzaji inasemekana atalipa nusu, lakini ni kwa mdomo tu. Jibu ndiyo au hapana. Usipojibu hatuagizi kitu.

Tuanze na kichwa cha barua. Madame anasoma kwenye simu, kati ya mkutano na mkutano, na simu inamwonyesha maneno machache tu ya kichwa na mstari mmoja au miwili ya mwanzo. Kwa hiyo neno "DÉCISION" na tarehe vinatangulia, na jina la mitambo linakuja nyuma, kwa kuwa hata likikatwa hakuna hasara. Saa nayo lazima itajwe ni ya wapi. Saa sita mchana ya Paris wakati ule wa mwaka ni saa saba ya Doha, na majira ya baridi ingekuwa saa nane.

Halafu salamu. Sisi Waswahili tukikutana tunaulizana nyumbani, watoto, kazi, ndipo shida inatajwa, na kumrukia mtu na shida ni ukosefu wa adabu. Wafaransa nao wana adabu zao: barua isiyo na "Bonjour" mwanzoni na neno la heshima mwishoni inasomeka kama amri. Lakini mstari mmoja juu na mmoja chini vinatosha. Yale maneno marefu ya kuomba upokee heshima zangu za dhati tuliyofundishwa shuleni ni ya barua za karatasi. Na sentensi ya kwanza haimwamrishi. Inasema tunahitaji kibali chake, jambo ambalo ni kweli.

Shule za Kifaransa pia zilitufundisha kujenga hoja: upande huu, upande ule, hitimisho mwishoni. Mkufunzi wangu wa Bujumbura angeipa meseji hii sifuri. Ila msomaji wa insha ya shule analipwa kuisoma hadi mwisho, na Madame anaweza kuitwa mkutanoni akiwa kwenye mstari wa tatu. Akiishia hapo, awe tayari ameshajua anaombwa nini, kiasi gani na hadi lini.

Sasa niseme kuhusu Kifaransa chenyewe, maana hapa ndipo mtu anaweza kuharibu bila mwenyewe kujua. Lile neno la Kiingereza la kuchelewa linafanana kabisa na "délai", lakini "délai" ni muda unaohitajika au uliopangwa. Kuchelewa ni "retard". Ukiandika "retard" ya wiki kumi, unamwambia Madame kwamba muuzaji amevunja ahadi kwa wiki kumi, naye anaita wanasheria. Vilevile barua moja ilisema kwamba muuzaji "hatimaye" atabadilisha koili, na neno lile la Kiingereza lina pacha wake wa Kifaransa, "éventuellement", ambaye maana yake ni "huenda, ikibidi". Ahadi inageuka kuwa labda. Koili nazo, katika mambo ya ubaridi, Wafaransa huziita "batteries". Ukichukua "bobine" ya kwenye kamusi, fundi wa Paris ataanza kutafuta kifaa cha umeme.

Tarakimu pia. Kwenye mlolongo bei iliandikwa 184,500 kama tunavyoandika sisi. Mfaransa akiona mkato kwenye namba anaona desimali, yaani mia na themanini na nne na nusu. Kwao maelfu yanatenganishwa kwa nafasi tupu. Ukinakili tarakimu kutoka barua ya Kiingereza bila kuangalia, Madame atapoteza dakika tano akishangaa.

Kuna neno moja kwenye meseji ambalo nalipenda kuliko yote: "prendrait". Kifaransa kinaweza kuchukua kitenzi, kukibadilisha mwisho wake, na kikasema "inasemekana" bila kuongeza neno. "Prendra" ni atalipa. "Prendrait" hapo ni inasemekana atalipa, mimi sijathibitisha. Magazeti yao yanaitumia hivyo kila siku. Katika mlolongo, ile nusu ilitajwa na watu wanne, na ukisoma haraka unaona ni jambo lililokwisha. Nilipofuatilia kwenye jedwali langu, wote wanne walikuwa wanarudia simu moja ya tarehe 22 ambayo hakuna aliyeiandika. Mara nne za kurudiwa hazikuwa ushahidi wanne. Hata hivyo niliongeza "oral" kwenye mabano, kwa sababu msomaji mwenye haraka anaweza kupita juu ya herufi mbili za mwisho wa kitenzi.

Nimeacha la mwisho, ambalo ndilo lilinikalisha macho hadi usiku. Kuanza na uamuzi kuna hatari yake. Ukimpa mtu swali lililokwisha kuchongwa, umeshamwelekeza jibu. Meneja alitaka ndiyo, mimi nilitaka ndiyo, kaka wa Kisumu alitaka ndiyo. Lakini mhandisi mmoja mzee, Mhindi, alikuwa ameandika barua tatu za kupinga. Alisema kiwandani koili inazamishwa yote kwenye dawa, ikafika hadi ndani kabisa, ila juu ya paa inapulizwa, na pale katikati ya vibati vilivyobanana dawa haifiki. Kutu itaanzia ndani, mahali pasipoonekana. Hakuna aliyemjibu. Kwenye mlolongo wa watu kumi na moja, barua tatu za mtu mmoja zinazama kirahisi.

Meneja alipoisoma rasimu akauliza, "Huo mstari wa Contre ni lazima? Utamtia wasiwasi." Nikamjibu, "Mzee, yeye ndiye anayeweka sahihi. Kutu ikitokea mwaka wa tatu, ataitafuta meseji hii aone kama tulimwambia." Akafikiri kidogo, akasema tuuache. Kanuni ninayoifuata sasa ni hiyo: pingamizi lenye nguvu kuliko yote linapata mstari wake, kwa lugha ambayo mwenye pingamizi mwenyewe angeikubali. Kabla ya kutuma nilimtafsiria yule mhandisi mstari wake. Akaongeza neno moja, "kati ya vibati", kwa kuwa mimi nilikuwa nimeandika kwamba dawa haishiki vizuri, na hilo siyo alilosema.

Niliambatisha karatasi mbili tu, kotesheni na barua ya mshauri, nikatuma Jumatatu usiku. Jibu lilikuja Jumanne asubuhi, mistari miwili. Ndiyo, kwa masharti mawili: muuzaji aandike ile nusu kabla ya kulipwa chochote, na koili zifunguliwe na kukaguliwa kati ya vibati kila mwaka kabla ya dhamana kuisha. Sharti la pili lilitoka moja kwa moja kwenye mstari ambao nusura uondolewe.

Muuzaji alipoombwa aandike, ile nusu ikawa theluthi. Kupaka kulimalizika kabla ya Juni. Kama mzee wa Kihindi alikuwa sahihi kuhusu kutu tutajua koili zikifunguliwa, na kwenye faili la ukaguzi jina lake ndilo liko juu.